Mabishano Katika Bodi ya Shule: Tumfundisheje Mwanachuo Kuyaandika kwa Haki?

Karibu kila mwanachuo anayejiunga na chuo chetu anajua kuandika kumbukumbu za mkutano. Alifundishwa jambo hilo tangu sekondari. Anajua kwamba juu huwekwa jina la kikao, mahali na tarehe. Kisha hufuata waliohudhuria, waliotoa udhuru na wasiohudhuria bila taarifa. Kisha kufungua mkutano, kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, ajenda zenyewe, mengineyo na kufunga. Ukimpa zoezi la namna hiyo atalifanya vizuri, na wewe utampa alama nzuri.

Hata hivyo, mikutano tunayoitumia katika mazoezi hayo ni mikutano ya watu wasiobishana. Ni kikao cha chama cha michezo kinachopanga tarehe ya mashindano, au kikao cha kiranja mkuu na wenzake kuhusu usafi wa mabweni. Kila ajenda huishia kwa maneno yale yale: baada ya majadiliano marefu, wajumbe walikubaliana. Maoni yetu ni kwamba zoezi la aina hiyo hufundisha sura ya kumbukumbu na kuacha kazi yenyewe. Ugumu wa kazi huanza pale wajumbe wasipokubaliana: ni nani waliokataa, kwa sababu gani, na ni swali lipi lililoachwa bila jibu?

Jambo hili linamhusu mwalimu kuliko watu wengi. Kwa utaratibu wa shule za sekondari za Serikali nchini Tanzania, mkuu wa shule ndiye katibu wa bodi, na katika shule ya msingi mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati ya shule. Maana yake ni kwamba mwanachuo tunayemfundisha leo anaweza kesho kushika kalamu katika kikao kinachozungumza juu ya kazi yake mwenyewe. Hatuna budi kumwandaa kwa siku hiyo.

Igizo letu na makatibu watatu

Ili tuone tatizo lilivyo, tuliwapa wanachuo igizo la bodi ya shule ya kutwa yenye wanafunzi 480. Tulichagua suala la chakula cha mchana, kwa kuwa tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne, gharama ya chakula cha kutwa imeendelea kuwaangukia wazazi, nayo huleta ubishi wa kweli. Wajumbe walikuwa 11, kila mmoja amepewa kadi yenye msimamo wake. Mwanachuo mmoja aliigiza mkuu wa shule, ambaye hakupiga kura. Pembeni tuliwaweka wanachuo watatu, kila mmoja aandike kumbukumbu peke yake bila kushauriana na wenzake.

Mkutano ulidumu dakika 40 nao ulikuwa mkali. Wote 11 walitaka makande yaendelee kupikwa. Mwenyekiti alileta pendekezo kwamba mchango wa mahindi uongezwe kutoka debe moja hadi debe moja na nusu kwa kila mwanafunzi kwa muhula, kwa kuwa katika muhula uliopita chakula kilikwisha siku 10 za masomo kabla ya kufunga shule. Mjumbe mmoja akasimama na kusema kwamba daftari la kupokea na daftari la kutoa yanatofautiana kwa magunia 8 ya kilo 100. Mkuu wa shule akajibu kwamba magunia hayo yalipikwa wakati wa mitihani, mtunza stoo akiwa likizo, na hayakuandikwa. Mjumbe akapaza sauti: "Ndugu Mwenyekiti, mmekula mahindi ya watoto wetu!" Kelele zikazuka. Mwishowe kura zikapigwa: 6 waliafiki nyongeza, 4 waliikataa, na mmoja hakupiga kura.

Likaja suala la mwanafunzi ambaye mzazi wake hajatoa mchango. Je, ale au asile? Mkuu wa shule alisema wasiotoa ni 40. Mwenyekiti wa mtaa alisema wasio na uwezo wanazidi 100. Hakuna aliyekuwa na orodha. Wajumbe walivutana kwa muda mrefu, kisha mwenyekiti akasema suala hilo lirudi kikao kijacho.

Makatibu wetu watatu waliandika nini? Wa kwanza aliandika kwamba baada ya majadiliano marefu wajumbe walikubaliana kuongeza mchango, na kwamba baadhi ya wanafunzi hawana uwezo. Magunia 8 hakuyataja kabisa. Wa pili aliandika kila kitu, pamoja na kelele na tuhuma, kurasa saba, hata msomaji asingeweza kujua kipi kiliamuliwa. Wa tatu alikuwa mwangalifu zaidi, lakini alipofika kwenye idadi ya wasio na uwezo aliandika "takriban 70". Tulipomwuliza ameipata wapi, alijibu kwa unyofu kwamba amechukua katikati ya 40 na zaidi ya 100 ili asimpendelee mtu.

Kosa lililotushtua zaidi lilikuwa jingine. Katika mkutano ule hakuna aliyesema wanafunzi wasiotoa mchango watafanyiwa nini kabla ya kikao kijacho. Lakini wa kwanza aliandika kwamba "kwa sasa wataruhusiwa baada ya kuchangia", na wa tatu aliandika kwamba "kwa sasa watakula wote". Kila mmoja aliliona pengo akaliziba kwa alichodhani ni cha busara. Laiti ingekuwa shule halisi, mpishi angeshika karatasi ile na kumtoa mtoto kwenye foleni, au kumpa sahani, kwa amri ambayo haikutolewa na mtu yeyote.

Mambo manne yasichanganywe

Tuliporudi darasani hatukuanza na lugha. Tuliwaomba wanachuo wote wachukue walichokisikia na kukipanga katika mafungu manne: jambo lililokubaliwa na wote kuwa kweli, rai ya mjumbe au ya kundi, uamuzi, na swali lililobaki. Zoezi hili linaonekana jepesi hadi utakapolifanya.

Chukua sentensi hii: "Mchango wa zamani haukutosha." Wanachuo wengi waliiweka katika fungu la kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyotolewa kuwa sababu ya nyongeza. Lakini lililokubaliwa na wote ni kwamba chakula kilikwisha mapema. Kwa nini kilikwisha ndilo lililobishaniwa. Ikiwa kila mwanafunzi hupimiwa gramu 150 za mahindi, wanafunzi 480 hula kilo 72 kwa siku. Magunia 8, yaani kilo 800, ni chakula cha siku 11 hivi. Siku zilizokosa chakula zilikuwa 10. Kwa hiyo wale wanne waliokataa nyongeza walikuwa na hoja nzito: haiwezekani kujua kama debe moja halitoshi mpaka ijulikane magunia 8 yalikwenda wapi. Wala si kwamba hesabu hii inamtia mkuu wa shule hatiani, maana kama vipimo vya jikoni vilizidi gramu 150, basi huenda magunia hayo yalipikwa kama alivyosema. Hesabu haijibu swali. Inaonyesha tu kwamba swali lipo.

Hapo ndipo wanachuo walipoelewa kwamba kulificha swali la magunia ni kuificha pia sababu ya waliokataa. Katibu wa kwanza aliandika matokeo ya kura kwa usahihi, lakini akawafanya watu wanne waonekane wanakataa watoto wasile. Aidha, mmoja wa wanachuo alipendekeza swali la magunia liandikwe, ila liwekwe chini ya "Mengineyo". Tulimkatalia. Swali linaloutikisa uamuzi liandikwe kando ya uamuzi huo huo. Ukilipeleka mbali, msomaji hatajua kwamba vinahusiana.

Kuhusu idadi ya wasio na uwezo, jibu ni kuandika namba zote mbili pamoja na waliozitoa, na kuongeza kwamba hakuna orodha iliyoletwa. Namba ya katikati haikusemwa na mtu yeyote. Inafanana na haki, lakini ni uzushi, nayo ikishaingia katika kumbukumbu itatumiwa mwakani kana kwamba iliwahi kuhesabiwa.

Maneno yanayopendelea

Kiswahili kina hatari zake katika kazi hii, na yafaa tuziseme waziwazi kwa kuwa vitabu vingi vya sarufi huishia kwenye kugeuza kauli halisi kuwa kauli taarifa.

Hatari ya kwanza iko katika kitenzi cha kuarifu. Ukiandika "mjumbe alidai kwamba magunia 8 hayaonekani", na "mkuu wa shule alifafanua kwamba yalipikwa wakati wa mitihani", umekwisha hukumu. Anayedai anatiliwa shaka, bali anayefafanua anajulikana kuwa anajua ukweli na anawasaidia wengine kuuona. Vivyo hivyo "alibainisha" humpa msemaji ushindi, "alilalamika" humpunguzia hadhi, na "alikiri" humfanya mkosaji. Tuliwashauri wanachuo washike vitenzi vitano visivyoegemea upande: alisema, alieleza, aliuliza, alijibu, alipendekeza. Hata kama ukurasa utakosa madoido, utakuwa mwaminifu.

Hatari ya pili ni neno "wajumbe" likisimama peke yake. Katika lugha yetu "wajumbe walisema" husomeka kama wajumbe wote. Nalo "baadhi ya wajumbe" laweza kuwa wawili au tisa. Palipo na kura, andika idadi. Pasipo na kura, sema kama hoja ilitolewa na mjumbe mmoja au iliungwa mkono na wengine.

Hatari ya tatu ni kauli ya kutendeka: "ilionekana kwamba", "ilikubalika kwamba". Ilionekana na nani? Mara nyingi ni katibu aliyeona. Tuliwapa wanachuo kanuni rahisi: kila ukiandika "ilionekana", jiulize ni mjumbe gani angeitia sahihi sentensi hiyo. Ukimkosa, ifute.

Hatari ya nne ni "lakini" na mpangilio wa hoja. Anayesemwa mwisho, baada ya "lakini", husikika kama aliyeshinda. Njia nzuri ni kuzipa pande mbili sentensi zinazojitegemea, kwanza waliopata kura nyingi, kisha waliopata chache, bila kuziunganisha kwa neno la kukanusha.

Na ile kauli ya "mmekula mahindi ya watoto wetu"? Katibu wa pili aliiandika neno kwa neno akidhani ndiyo haki. Sisi tunaona kwamba ndani yake mna mambo mawili. Mna tuhuma ya wizi ambayo haikutolewa ushahidi, na mna swali la magunia 8 ambalo lina madaftari mawili nyuma yake. Kumbukumbu zichukue la pili. Lakini mjumbe akiomba mwenyewe maneno yake yaandikwe, au akitoka mkutanoni kwa hasira kabla ya kura, hilo liandikwe, kwa kuwa hapo hasira imekuwa tendo.

Kumbukumbu tulizozikubali

Baada ya masahihisho ya vipindi viwili, darasa lilifikia maandishi haya:

"4.1 Bodi iliafiki kwa kauli moja kwamba shule iendelee kutoa chakula cha mchana.

4.2 Bodi iliamua kwa kura kwamba mchango wa mahindi uwe debe moja na nusu kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Walioafiki 6, waliokataa 4, asiyepiga kura 1. Walioafiki walieleza kwamba chakula kilikwisha siku 10 za masomo kabla ya kufunga shule. Waliokataa walieleza kwamba haijulikani kama kiwango cha zamani hakikutosha, kwa kuwa madaftari ya stoo yanatofautiana kwa magunia 8.

4.3 Mjumbe aliuliza magunia hayo 8 yalitumikaje. Mkuu wa shule alijibu kwamba yalipikwa wakati wa mitihani bila kuandikwa, mtunza stoo akiwa likizo. Bodi haikufikia kauli juu ya jibu hilo, wala haikumteua mtu wa kulichunguza.

4.4 Bodi haikuamua kama mwanafunzi asiyetoa mchango apewe chakula. Waliotaka apewe walisema kwamba mtoto asiadhibiwe kwa kosa lisilo lake. Waliotaka asipewe walisema kwamba wazazi wanaotoa wataacha kutoa. Mkuu wa shule alisema wasiotoa ni 40. Mwenyekiti wa mtaa alisema wasio na uwezo wanazidi 100. Hakuna orodha iliyoletwa. Suala litarudi kikao kijacho. Utaratibu wa kufuatwa kabla ya kikao hicho haukujadiliwa."

Msomaji ataona kwamba maandishi haya si marefu. Ataona pia kwamba sentensi zake nzito zaidi ni zile zinazosema lisilofanyika: haikufikia, haikumteua, haikuamua, haukujadiliwa. Mwanachuo mmoja alituambia kwamba sentensi hizo zinaiaibisha bodi. Tulimjibu kwamba zinaisaidia. Mwenyekiti akiisoma rasimu wiki hiyo hiyo na kukuta kwamba utaratibu wa muda haukujadiliwa, anaweza kuitisha kikao cha dharura kabla shule haijafunguliwa. Akikuta pengo limezibwa, hatajua kwamba lilikuwapo. Tena, mambo ya 4.3 na 4.4 yatajipanga yenyewe chini ya "Yatokanayo" katika kikao kijacho. Lisiloandikwa haliwezi kutokana na chochote.

Lakini haki si kugawa mistari sawasawa. Katika igizo letu mjumbe mmoja alipendekeza uji badala ya makande, na hakuna aliyemuunga mkono. Katibu wa tatu alimpa mistari mitano, sawa na aliowapa wale wanne. Sentensi moja ingetosha, au hata isiwepo kama mwenyewe alikwisha liondoa pendekezo lake. Kipimo ni uzito wa hoja katika uamuzi.

Katibu akiwa mhusika

Limebaki jambo gumu kuliko yote. Katika shule halisi, aliyeandika 4.3 angekuwa mkuu wa shule mwenyewe, yaani yule aliyeulizwa juu ya magunia. Tulimwomba mwanachuo aliyeigiza nafasi hiyo aiandike aya yake. Aliandika jibu lake kwa mistari sita na swali kwa nusu mstari, akaapa kwamba hakukusudia. Tunamwamini. Mtu hukumbuka vizuri zaidi maneno yake mwenyewe.

Kwa hali hiyo nia njema haitoshi, na inafaa kuwapo taratibu mbili. Kwanza, ajenda inapomhusu katibu, amwombe mwenyekiti ateue mjumbe mwingine aandike sehemu hiyo, na jina la mwandishi huyo litajwe. Pili, kabla rasimu haijasambazwa, sehemu ya mabishano isomwe kwa mjumbe mmoja wa kila upande, hasa upande ulioshindwa, kwa swali moja tu: je, hivi ndivyo ulivyosema? Asiulizwe kama anaupenda uamuzi. Kuthibitisha kumbukumbu katika kikao kijacho ni kushuhudia kwamba yameandikwa kama yalivyosemwa, na si nafasi ya kupiga kura upya. Tofauti hiyo wanachuo wengi hawaijui.

Tunapendekeza basi kwamba wakufunzi wenzetu wanaofundisha mbinu za Kiswahili waache kusahihisha zoezi hili kwa kuangalia vichwa na namba za ajenda peke yake. Karatasi ya mwanachuo ipitishwe kwa wasomaji wawili. Wa kwanza awe mmoja wa walioshindwa katika igizo, aseme kama anajitambua. Wa pili awe mtu ambaye hakuwapo, aorodheshe yaliyoamuliwa na yasiyoamuliwa kwa kusoma karatasi hiyo tu. Orodha yake ikilingana na yaliyotokea, mwanachuo amefaulu. Isipolingana, arudishiwe karatasi yake, hata kama vichwa vyote vimekaa mahali pake.

Sisi tutalirudia igizo hili na kundi lijalo, lakini kwa badiliko moja: makatibu wote watatu watapewa kadi zenye msimamo wao wenyewe juu ya magunia 8, nao watatakiwa kuandika huku wakiwa nao.